Jina la Mwanao Kwenye Kioo cha Simu

Wengi wetu huamini kuwa nambari inayotokea simuni ni kama sura ya mgeni mlangoni: ukiiona, umekwisha kumjua. Mimi nimefanya kazi ya swichibodi kwa miaka mingi katika ofisi moja hapa Mombasa, na kazi ile ilinifunza kuwa nambari hiyo haifanani na sura. Inafanana zaidi na anwani iandikwayo nyuma ya bahasha. Posta husoma anwani ya mbele, kwa kuwa ndiyo inayoeleza barua iende wapi. Ile ya nyuma huiacha kama ilivyo, na mwandishi akitaka ataandika sanduku la jirani yake.

Ofisi yetu ilikuwa na simu za ndani arubaini. Yeyote kati yetu akipiga nje, mteja aliona nambari moja tu, ile kuu ya ofisi. Fundi ndiye aliyeiandika nambari ile katika mipangilio ya mtambo wetu, na lilikuwa jambo jema: mteja akirudisha simu, ilinifikia mimi badala ya kulia kwenye meza ya mtu aliyekwisha kwenda zake nyumbani. Hospitali na mabenki hufanya vivyo hivyo. Siku moja nilimuuliza fundi ingekuwaje lau angeandika nambari isiyo yetu. Alinijibu kuwa kampuni ya simu iliyo makini huilinganisha na zile ilizotukodisha, na isipokuwamo huikataa au huibadilisha. Isiyo makini huipitisha hivyo hivyo. “Na simu ya mwisho, dada, haina wa kumuuliza,” akasema. “Huonyesha ilicholetewa.”

Simu ya mkononi ya kawaida haina nafasi hiyo. Ndani ya laini yako mna siri ambayo kampuni huitumia kuihakikisha laini hiyo, kisha kampuni yenyewe ndiyo inayoandika nambari yako katika kila simu unayopiga. Kwa hiyo mwongo hapiti njia hiyo. Hupiga kupitia intaneti, kwa programu inayomwachia ajaze mwenyewe nambari ya mpigaji. Simu yake hukabidhiwa kampuni moja, nayo ikaikabidhi nyingine, pengine katika nchi mbili tatu, mpaka ikaingia kwetu. Kila mmoja humsadiki aliyemkabidhi, na nambari ya uongo hufika salama.

Shangazi yangu, mkaazi wa Kibokoni, alipata simu ya namna hiyo baada ya sala ya alasiri. Kioo kiliandika jina la mwanawe aliye Malindi, pamoja na picha yake. Sauti ilikuwa ya mbali na yenye mikwaruzo. “Mama, nimegonga mtu kwa pikipiki, niko kituoni. Simu yanizimikia. Huyu afande atakwambia la kufanya.” Sauti ya pili ikataka shilingi 18,000 zitumwe kwa nambari nyingine, upesi, kabla jalada halijafunguliwa. Shangazi akasema, “Ngoja nitafute miwani,” akakata. Kisha akalifungua jina la mwanawe katika simu yake na kupiga. Kijana akapokea yumo dukani, anapima mchele. Alipotazama orodha ya simu alizopiga siku ile, ya mamake haikuwamo.

Shangazi hakuishangaa ile sauti, kwani sauti mbovu huigizika. Kilichomsumbua ni jina na picha. Nani aliyempa mwizi picha ya mwanawe? Jibu ni kwamba hakupewa. Mwizi alileta tarakimu tu. Simu ya shangazi ilizipokea, ikazitafuta katika orodha yake ya majina, ikakuta zalingana na za mwanawe, ndipo yenyewe ikatoa jina na picha. Hupaswa kulinganisha tarakimu za mwisho, kwa kuwa nambari ile ile huweza kuja ikianza na 07 au na +254. Hivyo kile kilichomtia imani kilitoka mkononi mwake mwenyewe.

Ukilielewa hilo, hata simu inayotoka kwa nambari yako mwenyewe haitakutisha. Mtu amejaza nambari yako mahali pa mpigaji na pia mahali pa mpigiwa, basi. Haimaanishi kuwa ameingia katika simu yako. Hufanya hivyo kwa sababu hukuwahi kuifungia nambari yako, na kwa sababu wachache wataweza kujizuia kupokea.

Huenda ukauliza: kwa nini kampuni zisizuie kila simu itokayo ng’ambo ikiwa na nambari ya Kenya? Fikiria mahujaji wetu. Hujaji aliye Makka na laini yake ya Kenya akipiga nyumbani, simu yake yatoka kweli ng’ambo, na nambari yake ya Kenya ni ya kweli. Ukizuia zote, umemkata na yeye. Uingereza walipoanza kuzuia simu za nje zenye nambari zao, walianza na nambari za simu za mezani, maana simu ya mezani haisafiri. Ya mkononi yahitaji mtambo uulize kwanza ikiwa mwenye laini yuko safarini. Marekani nayo, tangu tarehe 30 Juni 2021, imezilazimu kampuni kubwa kutia saini ya kielektroniki kwenye simu zinazopita katika mitandao yao ya intaneti, ili kampuni ya kwanza ishuhudie nambari ya mpigaji. Lakini saini hiyo hupotea simu ikipita katika mitambo ya kizamani, na simu itokayo nje mara nyingi huingia bila shahidi wa kwanza.

Ndiyo maana alilolifanya shangazi lina uzito kuliko kuikodolea macho nambari. Mwongo anaweza kuandika sanduku la jirani nyuma ya bahasha, lakini hana ufunguo wa sanduku lile. Ukikata na kupiga wewe, nambari sasa iko mbele ya bahasha, na mitambo itaipeleka kwenye laini yenyewe. Usimwombe aliyekupigia akupe nambari ya kumrudishia. Tumia ile uliyoihifadhi zamani, au iliyo kwenye kadi ya benki.

Njia hii ina mpaka mmoja. Ikiwa mwizi ameisajili upya laini ya mwanao kwa hila, basi ufunguo wa sanduku anao, na ukipiga atapokea yeye. Dalili ya hilo ni kwamba simu ya mwanao itapoteza mtandao ghafla na isirudi. Katika kughushi nambari, simu yake huendelea kufanya kazi kama kawaida, ila huenda watu asiowajua wakampigia kwa hasira wakimuuliza kwa nini aliwapigia. Kwa hiyo akipokea mtu mwenye sauti usiyoijua, au simu isipopatikana, usitume kitu. Mpigie mkewe, au jirani yake wa dukani, aende akamtazame.