Pauni 24,000 Ambazo Hazikuwa Zetu

Jikoni kwetu kuna daftari la bluu ninaloandikia fedha za kununulia nyumba. Ukurasa mmoja ni wangu, wa mshahara wa uuguzi na zamu za ziada. Mwingine ni wa Baba Salma, ambaye kazi yake ni kupima hatari za mikopo katika benki moja hapa London. Juu ya ukurasa wake nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya wino: "Bonasi iliyobaki, pauni 24,000." Niliihesabu kama tunavyohesabu upatu kwetu Tanga. Fedha ipo, zamu yetu tu ndiyo haijafika.

Januari 2024 benki nyingine ikamwita. Mshahara ulikuwa mzuri zaidi na angerudi nyumbani watoto wakiwa bado macho. Mpango wake ulikuwa rahisi: aandike barua ya kuacha kazi mwanzoni mwa Februari, na kwa kuwa notisi yake ni miezi mitatu, malipo ya bonasi ya mwisho wa Machi yangemkuta bado yuko kazini. Nikamwambia, "Baba Salma, nitolee hayo makaratasi niyaone." Sikuwa na shaka naye. Ni mazoea ya wodini tu, hatumpi mtu dawa kwa kuambiwa. Tunasoma chati wenyewe.

Nieleze kwanza bonasi hii inavyokwenda, na nitarahisisha hesabu. Kila Machi benki humpa bonasi ya pauni 30,000. Kati ya hizo, 18,000 huingia na mshahara wa mwezi huo. Zile 12,000 zinazobaki hucheleweshwa: hugeuzwa hisa za benki na kukatwa mafungu matatu ya 4,000, fungu moja kila Machi kwa miaka mitatu inayofuata. Hisa zikishuka, fungu nalo hushuka. Kodi haikatwi mpaka fungu lilipwe, na kwa kipato chake serikali huchukua pauni 42 katika kila 100, ukijumlisha kodi ya mapato na mchango wa bima ya taifa. Kwa hiyo hata zile 24,000 za daftari langu, mkononi zingekuwa kama 13,900. Hilo pekee lilitosha kuniharibia jioni.

Kumbe bado. Katika kanuni za mpango huo, kurasa kumi na nne za herufi ndogo, kulikuwa na sentensi moja niliyoirudia mara tatu. Ilisema fungu hulipwa kwa mtu ambaye, siku ya malipo, ni mfanyakazi wa benki "na hajatoa wala kupokea notisi". Kwa maana nyingine, kuwepo kazini hakutoshi. Ukishaandika barua, hata kama bado unaingia kila asubuhi na kitambulisho shingoni, mafungu yote yaliyobaki yanafutwa. Barua ya bonasi mpya nayo ilikuwa na sharti hilo hilo. Barua ya Februari ingetugharimu 24,000 za nyuma pamoja na 30,000 za mwaka huo.

Baba Salma alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Basi nangoja mpaka Machi ipite, halafu naondoka bila deni." Tukachukua kalamu, na hapo ndipo nilipoelewa mtego wenyewe ulivyo. Mwezi Februari alikuwa anadai fungu la mwisho la bonasi ya 2021, mawili ya 2022 na matatu ya 2023. Hayo ni mafungu sita, yaani 24,000. Mwisho wa Machi angelipwa matatu, abaki na matatu. Lakini siku hiyo hiyo bonasi ya 2024 ingeweka mafungu matatu mapya. Jumla sita tena, 24,000 tena. Kila Machi rundo linachotwa na kujazwa, na mtu akiondoka mwaka wowote ataacha kiasi kile kile. Machi iliyopita inakuokolea fedha ya Machi hiyo tu. Siku ya kuondoka bila kuacha kitu haipo.

Nilidhani ni sheria ya serikali inayotaka hivyo, kwa sababu nilishasikia kwamba baada ya msukosuko wa mabenki wa 2008 wasimamizi waliamuru bonasi zicheleweshwe. Ni kweli waliamuru. Hapa Uingereza wakati huo wafanyakazi ambao maamuzi yao yanaweza kuiyumbisha benki ilikuwa lazima wacheleweshewe angalau asilimia 40 ya bonasi, na waliopata kubwa zaidi asilimia 60, ili mkopo mbovu ukifichuka baada ya miaka michache fedha iwe bado inaweza kuzuiliwa. Lakini lengo la amri hiyo ni kosa na hasara. Haisemi anayehamia kazi nyingine apoteze chake. Hilo ni la mkataba wa benki yenyewe, na Baba Salma hata hakuwa katika kundi hilo la wakubwa. Benki iliazima mtindo ikauongezea kazi ya pili, kumfunga mtu asiondoke.

Namna unavyoondoka ndiyo inayoamua. Katika kanuni zile kulikuwa na wanaohesabiwa kuondoka kwa heri: aliyepunguzwa kazi, aliyeshindwa kwa ugonjwa au ulemavu, aliyestaafu kwa makubaliano, na aliyefariki, ambaye mafungu yake huenda kwa warithi. Aliyejiuzulu mwenyewe au kufukuzwa kwa kosa hupoteza yote. Rafiki yetu mmoja alipunguzwa kazi mwaka uliotangulia. Mafungu yake hayakufutwa, ila hakuyapata siku ile aliyotoka. Yanamfuata Machi kwa Machi kama vile bado yupo. (Kuhusu warithi, nilimwuliza Baba Salma barua zile ziko wapi. Zilikuwa katika barua pepe ya kazini, ambayo mimi siwezi kuifungua. Siku hizi zimechapwa na ziko kabatini.)

Ikabaki njia moja, benki mpya ifidie. Jambo hili ni la kawaida kwao, ila huombwa kabla ya kusaini mkataba, wakati bado wanakutaka. Ukishajiuzulu huna cha kubembelezea. Baba Salma aliwapelekea barua za bonasi tatu na karatasi ya akaunti yake ya hisa, akaomba mambo mawili: tarehe ya kuanza isogezwe hadi Julai, na mafungu sita atakayoyaacha yajazwe.

Jibu lilichukua wiki mbili. Walikubali yote mawili kwa maandishi, kwa bei ya hisa ya siku atakayoanza kazi, na kwa tarehe zile zile: 12,000 Machi 2025, 8,000 Machi 2026, 4,000 Machi 2027. Chini yake palikuwa na sentensi niliyokwisha kuijua. Akitoa notisi kabla ya tarehe, fungu linafutwa. Tulihama nyumba, kamba ni ile ile.

Mshahara wa Machi uliingia kabla ya Pasaka. Tulisubiri tuuone kwenye akaunti, pamoja na hisa zilizokwisha kuhamishiwa jina lake. Jumanne ya tarehe 2 Aprili, siku za mwisho za Ramadhani, baada ya futari akaufungua mwavuli wa kompyuta yake mezani katikati ya vikombe vya uji, akaisoma barua yake ya kujiuzulu kwa sauti, akaituma.

Kisha akaniangalia. "Mama Salma, kwenye daftari unaandika ngapi sasa?"

Nilikata ile 24,000. "Sifuri," nikamwambia. "Mpaka Machi."