Benki Kuu Ikipandisha Riba, Murabaha Yako Hupanda?

Mwishoni mwa darsa ya Alasiri, mama mmoja fundi cherehani aliniuliza: "Sheikh, nimesikia redioni Benki Kuu imepandisha riba. Mimi nimenunua vyerehani kwa murabaha. Je, nitaongezewa deni?" Nilimjibu kwamba hataongezewa hata senti, lakini jibu hilo ni nusu tu ya maneno, na nusu ya pili yawahusu wengi wenu mlioweka akiba zenu kwa mudharaba.

Tumtazame kwanza yeye. Tuchukulie benki ilinunua vyerehani kwa shilingi 200,000, ikavimiliki, kisha ikamuuzia kwa 240,000, alipe 10,000 kila mwezi kwa miezi 24. Hayo ni mauzo, na bei ya mauzo ikishakubaliwa haiguswi tena. Benki Kuu yetu ilipanda kutoka asilimia 9.5 hadi 10.5 mwezi Juni 2023, ikafika 12.5 Desemba na 13 Februari 2024. Aliyekuwa na mkopo wa riba inayobadilika aliweza kupandishiwa malipo katikati ya njia. Aliyenunua kwa murabaha aliendelea kulipa kile kile.

Anayefikiwa ni mnunuzi wa kesho. Benki ya Kiislamu haikopeshi kwa riba, lakini imo katika soko lile lile, na inapopanga faida yake huangalia bei za majirani. Basi vyerehani vile vile huenda akauziwa mwenziwe kwa 252,000, yaani 10,500 kwa mwezi. Mufti Taqi Usmani wa Pakistani ameeleza kwamba kukitumia kiwango cha riba kama kipimo tu cha kupangia faida hakuiharamishi biashara yenye masharti yake kamili, ingawa si jambo la kupendeza. Nami naona uzito wa neno hilo la mwisho: maadamu kipimo chetu ni cha wengine, uamuzi wa Nairobi utaingia madukani mwetu kupitia bei.

Sasa tuje kwa mwenye akiba. Katika mudharaba yeye ndiye mwenye mali, na benki ni mfanyakazi wake. Hakuahidiwa kiasi, ameahidiwa sehemu ya faida itakayopatikana. Tupige hesabu ya mfano. Kila shilingi 100 za mfuko zilikuwa zikizaa 10 kwa mwaka, na sehemu ya mwenye mali ni 60 katika 100, basi hupata 6. Viwango vikapanda, na mauzo mapya yakazaa 13. Lakini mfuko umejaa mikataba ya zamani isiyobadilika. Baada ya mwaka, tuseme thuluthi moja tu imelipwa na kuuzwa upya. Mfuko mzima sasa wazaa 11, na mwenye mali apata 6.60. Ng'ambo ya barabara, benki ya riba imekwisha kutangaza 9.

Hapo ndipo penye mtihani. Wenye akiba wakihama, benki hupungukiwa na fedha za kununulia bidhaa, nayo haiwezi kwenda kukopa kwa riba. Ili kuwazuia, baadhi ya benki za Kiislamu ulimwenguni hupunguza sehemu yao wenyewe, au huchota katika akiba ya kusawazisha faida, ambayo ni fungu lililotengwa katika miaka mizuri kabla faida haijagawanywa. La kwanza ni ukarimu wa mfanyakazi. La pili lina swali: aliyekatwa mwaka ule huenda amekwisha kufunga akaunti, na anayefaidika leo ni mgeni. Ndiyo maana hutakiwa idhini ya mwenye mali, na mara nyingi idhini hiyo imo katika fomu aliyotia sahihi siku ya kufungua akaunti bila kuisoma.

Dalili yake haifichiki. Faida ya biashara halisi hupanda na kushuka kidogo. Ikiwa tangazo la kila robo mwaka halisogei kabisa, au hufuata benki ya jirani hatua kwa hatua, ulizeni: sehemu yetu ni ngapi kwa mia, na je, kuna fungu linalotengwa kabla ya mgao?

Viwango vikishuka, kama vilivyoanza kushuka Agosti 2024, mambo hupinduka. Mikataba ya zamani yenye faida kubwa huendelea kumnufaisha mwenye akiba kwa muda, ilhali aliyenunua kwa bei ya juu hana haki ya kudai ipunguzwe. Akitaka kumaliza deni mapema, benki yaweza kumsamehe sehemu ya faida iliyobaki, na kwa kauli ya wanazuoni wengi msamaha huo ni hiari yake, si sharti la mkataba. Basi na aulize desturi ya benki kabla ya kununua, si baada.