Bwawa Juu ya Mjengo wa Staa wa Katesh

Wadau, kuna msanii mmoja wa Hanang, jina tunalihifadhi. Alishusha mjengo wa nguvu pale Katesh, paa la slabu, flati kabisa. Lengo lilikuwa kumtoa mama yake kwenye tembe kule Mbulu.

Mvua za kwanza tu, dari ya chumba cha mama ikaanza kudondosha. Mama akafunga mzigo. "Mwanangu, tembe la baba yako lina udongo juu, na halijawahi kunilowesha kitandani."

Jamaa akamwita fundi mzee. Mzee akapanda juu siku mbili baada ya mvua, akakuta maji bado yamesimama katikati. Akatoa mpira wa maji, akapima: katikati pameshuka sentimita 2 kuliko kwenye nguzo. Slabu huwa inapinda kidogo katikati, ndiyo kawaida yake. Sasa matundu ya kutolea maji yalikuwa wapi? Mawili tu, kwenye pembe za upande mmoja, juu ya nguzo, yaani sehemu iliyo juu zaidi! Na mabomba yamechomoza sentimita 1. Kwa hiyo hapo katikati maji yafike sentimita 3 ndiyo yaanze kutoka.

"Baba, si tumwage tu sakafu yenye mteremko?" jamaa akauliza.

Mzee akapiga hesabu. Mteremko ni sentimita 1.5 kwa kila mita. Slabu ni mita 10 kwa 8, na kutoka sehemu ya mbali hadi tundu ni karibu mita 9 na nusu. Hapo ni sentimita 14, ongeza 3 za unene wa mwisho pale tunduni, maana ikiwa nyembamba zaidi inapasuka na kubanduka. Jumla 17! Unene huo una uzito wa kilo kama 340 kwa mita moja ya mraba. Slabu iliyokwisha kupinda unaizidishia mzigo.

Dawa ikawa kuhamisha matundu. Wakatoboa manne, mawili kila upande mrefu, kila moja mita 2 na nusu kutoka pembeni. Safari ndefu ya maji ikawa chini ya mita 5, unene wa juu kabisa ukashuka hadi kama sentimita 10. Hata hivyo mhandisi alikagua nondo na bimu kwanza, ndipo wakamwaga.

Kila tundu likazamishwa kidogo chini ya sakafu, halafu ikapakwa dawa ya kuzuia maji. Kwenye ukuta wa ukingo wakaacha matundu ya dharura, majani yakiziba chini maji yatokee hapo.

Mvua iliyofuata jamaa alipanda mwenyewe na tochi. Kukavu. Mama karudi, ila kitanda kakisogeza mbali na lile doa la dari.

Haya wadau, kwako matundu yako wapi: juu ya nguzo au maji yanapokwenda?