Miezi Mitatu Niliyokuwa Mke wa Mtu

Mpenzi msomaji, haya ninayokusimulia leo sijamwambia hata dada yangu wa tumbo moja. Sitafuti huruma yako, wala sijitetei. Nilimpenda mume wa mtu kwa miaka minne. Pengine nawe unasoma gazeti hili huku umeweka simu kifudifudi juu ya meza, ukimngoja mtu asiyeweza kukupigia siku ya Jumapili. Basi tusikilizane.

Mimi ni muuza mitumba katika soko la Toi, kandokando ya Kibera. Nauza nguo za watoto. Mwezi wa Machi mwaka 2019 soko hilo liliteketea, na robota langu zima likageuka majivu. Tulipoanza kujenga upya vibanda, alikuja fundi seremala kutoka Kawangware. Alinipigilia mbao na mabati, akakubali nimlipe kidogo kidogo. Deni lilipokwisha aliendelea kupitia pale kibandani, na mimi sikumuuliza anafuata nini.

Hakunificha kwamba ana mke na watoto watatu. Nakuomba ulishike hilo, kwa maana wengi husema walidanganywa. Mimi sikudanganywa. Nilijua, nikajiambia kwamba kujua ni jambo moja na moyo ni jambo jingine.

Kutoka Toi hadi Kawangware mtu aweza kutembea kwa muda wa saa moja hivi, akishika barabara ya Ngong hadi Dagoreti Kona kisha akaingia barabara ya Naivasha. Lakini kwangu mimi Kawangware ilikuwa mbali kama ng'ambo. Nilikatazwa kukanyaga huko. Nilikatazwa kumpigia simu baada ya saa kumi na mbili jioni. Hata kumtumia pesa kwa M-Pesa ilikuwa mwiko, kwani jina langu lingejitokeza katika ujumbe. Yeye ndiye aliyekuja, Jumanne na Ijumaa, na ilipofika saa mbili usiku huyo alikwisha ondoka. Nilijifunza kupika chakula kisichoharibika kikingoja. Nilijifunza pia kukila peke yangu asubuhi, kimepoa.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na mkewe akawachukua watoto akaenda nao mashambani. Tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaanza, kila mtu awe ndani ifikapo saa moja jioni. Tarehe 6 Aprili, serikali ikapiga marufuku watu kuingia na kutoka Nairobi. Mkewe akawa amefungiwa huko, na sisi tumefungiwa huku.

Ama kweli, kufa kufaana. Kafyu ile iliyowatesa majirani zangu ilinipa mimi mume. Alipofika kwangu Makina saa kumi na mbili na nusu, hakuwa na njia ya kurudi hadi alfajiri. Kwa mara ya kwanza nilimsikia mtu huyu akikoroma. Nilimfulia ovaroli lake la kazi nikalianika nje mchana kweupe. Jirani mmoja akaniuliza, "Mzee ameamkaje?" Nikajibu, "Ameamka salama," na siku nzima jibu hilo likanikaa mdomoni kama sukari.

Siku hizo watu walikuwa wakiomba usiku na mchana barabara zifunguliwe. Mimi, msomaji wangu, niliomba zisifunguliwe. Watu walikuwa wakifa, wengine wamekosa kazi na chakula, nami nilipiga magoti kuomba janga liendelee. Aibu hiyo ningali nayo.

Barabara zilifunguliwa tarehe 7 Julai. Mkewe na watoto walifika juma lile lile. Ovaroli liliondoka limo ndani ya mfuko wa plastiki, na mimi nikarejea kwenye Jumanne na Ijumaa zangu.

Kuanzia hapo ndipo subira yangu ilipogeuka ugonjwa. Zamani nilikuwa nikingoja nisichokijua. Sasa nilikuwa nimekwisha kukionja. Nikaanza kudai ahadi, naye akawa hana uchoyo wa ahadi. Angenioa mke wa pili mtoto wa mwisho akianza shule. Mtoto akaanza shule. Basi ni pale atakapomaliza kuezeka nyumba ya mashambani. Nyumba ikaezekwa. Basi ni mama yake akipata nafuu. Ukitaka kujua kama ahadi ni ya kweli, itazame imefungwa kwenye nini. Zangu zote zilifungwa kwenye mambo ya nyumba ile, na mambo ya nyumba yenye watu hayaishi.

Mwezi wa Januari mwaka 2021 shule zilipofunguliwa, mama mmoja alikuja kibandani na mtoto wa kiume akitafuta sweta. Nilimtambua mara moja, kwani picha yake niliwahi kuiona katika simu ya mumewe. Nilimwambia sweta ni shilingi mia tatu. Akaishika, akaipima mabegani mwa mtoto, akaniambia kwa upole, "Mama, nipunguzie tafadhali. Baba yao bado hajalipwa, na karo inatungoja."

Siku mbili kabla ya hapo, baba yao alikuwa amenipa shilingi elfu mbili za kodi.

Nilimpa sweta kwa shilingi mia moja. Alinishukuru, akaniombea Mungu anizidishie. Nilimkabidhi mtoto ile sweta, naye ana macho ya babake. Walipoondoka nilifunga kibanda saa tano ya asubuhi nikaenda nyumbani kulala.

Pengine utadhani siku hiyo ndiyo niliyoacha. La. Nilikaa miaka miwili mingine. Moyo ulinidanganya kwamba nikishaolewa rasmi, aibu itakwisha, kwani mke wa pili si mwizi.

Mwaka 2023 nilimwendea msaidizi wa sheria hapa Kibera. Nilimwambia ni habari za rafiki yangu. Yule mama aliniuliza swali moja tu: "Mwanamume huyo alioa vipi?" Nikakumbuka picha: shela nyeupe na padri. Nikamjibu kwamba alioa kanisani.

Alinieleza pole pole. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inamruhusu mwanamume kuoa mke mwingine ikiwa ndoa ya kwanza ni ya kimila au ya Kiislamu. Lakini ndoa ya kanisani, sawa na ile ya kwa msajili, ni ya mke mmoja. Maadamu ndoa hiyo haijavunjwa, hawezi kuoa mwingine hata kwa mila, na akifanya hivyo ni kosa la jinai. Nikamuuliza habari ya kukaa pamoja kama mume na mke. Akasema Mahakama ya Juu ilieleza mwaka huo huo kwamba watu hawawezi kuchukuliwa kuwa wameoana kwa kukaa pamoja ikiwa mmoja wao hana ruhusa ya kuoa. Kama wamezaa, mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili. Katiba yasema hivyo. "Je, rafiki yako ana mtoto naye?"

"Hana," nikasema.

"Basi mwambie rafiki yako hakuna anachongoja."

Ijumaa ile alipobisha hodi nilimfungulia, nikamwuliza kama alijua. Alitazama chini. Alijua. Nilimpa chakula, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kupikwa, na alipomaliza nilimwomba asirudi tena. Hakubisha. Hilo liliniuma kuliko yote.

Nipo Toi hadi leo. Sweta bado nauza, na Ijumaa jioni, msomaji wangu, bado nasikia hatua za mtu asiyekuja. Lakini chakula nakila kikiwa moto.