Ankara ya Dubai na dola 98 zilizojificha

Wiki hii tunawasimulia yaliyotukuta sisi wenyewe, mtu na dada yake, kwenye meza yetu ya nguo pale Darajani.

Bibi harusi mmoja alituagizia abaya na mitandio ya kugawia jamaa zake. Bei tukakubaliana, arbuni tukapokea. Tukaagiza mzigo kwa muuzaji wa Deira, Dubai, naye akatutumia ankara kwa simu. Abaya 60 kwa dirham 100 kila moja, ni 6,000. Mitandio 90 kwa dirham 15, ni 1,350. Jumla AED 7,350. Chini yake pameandikwa: tafadhali lipa USD 2,100.

Hakukuwa na ada yoyote iliyotajwa. Tulikuwa karibu kulipa, dada akasema tusubiri kwanza. Akachukua kikokotoo, akagawa 7,350 kwa 2,100. Jibu likaja 3.50. Hapo ndipo tulipoiona.

Dirham ya Imarati imefungwa na dola tangu 1997: dola moja ni dirham 3.6725. Haipandi wala haishuki kila siku kama shilingi yetu. Basi 7,350 ukigawa kwa 3.6725 unapata dola 2,001 na senti kidogo. Muuzaji alikuwa anatutoza dola 98 zaidi bila kuandika neno "ada". Na sisi bei kwa bibi harusi tulishaifunga. Dola hizo zingetoka kwenye faida yetu.

Tukampigia kwa adabu. "Kaka, hii hesabu ya dola umeifanya kwa kiwango gani?"

Akajibu, "Dada zangu, hicho ndicho kiwango cha duka letu."

Tukamwambia, "Basi tuandikie ankara ya dirham tupu, tutalipa kwa dirham."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema atatufanyia kwa 3.66. Ikawa dola 2,008. Tukaridhika, maana dola saba ni gharama ya kubadilisha ambayo muuzaji yeyote anaweza kuitaka, na safari hii tuliijua kabla ya kulipa.

Kwa hiyo, shoga, ukiona ankara ina sarafu mbili, gawa jumla ya dirham kwa jumla ya dola. Jibu likikaribia 3.67, hewala. Likiwa 3.60 au chini yake, uliza. Ukiamua kulipa kwa dirham, iulize kwanza benki yako inakata kiasi gani, isije ikawa umekimbia ada moja ukaangukia nyingine. Na kwa mzigo wa China, yuani haikufungwa hivyo. Tazama kiwango cha siku ile ile ya ankara.

Bibi harusi wetu alipata mzigo wake kwa bei ile ile tuliyokubaliana.