Barua Kutoka Edani

Majirani zangu na walimu wenzangu,

Ilinipasa nipite nyumba kwa nyumba kuwapa shukrani, lakini niko edani, na miezi minne na siku kumi bado haijatimia. Basi namtuma mwanangu awaletee karatasi hii.

Baba watoto alifariki alfajiri ya Jumanne, na baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumeshamzika. Kutwa nzima nilikaa mkekani, sijui linalofanyika. Nyinyi ndio mliojua. Kabla sijawaza nani atachimba kaburi, vijana walikuwa wameshatangulia na majembe. Jikoni kwangu sikuingia siku tatu. Nilisikia tu mchele ukipetwa uani, mtu akiuliza chumvi iko wapi, na mwingine akimjibu.

Jeneza lilipokuwa barazani, shemeji aliuliza kama yupo anayemdai marehemu. Mwenye duka akasema, kwa haya, shilingi 60,000. Mwalimu mwenzetu mmoja akazilipa papo hapo, kabla mume wangu hajasaliwa. Hilo niliambiwa usiku, na ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza. Alikwenda bila deni.

Baada ya hitima, jirani aliyeshika daftari alikaa nami akanisomea mstari kwa mstari. Rambirambi 1,240,000, turubai na viti 180,000, sanda, mbao na ubani 145,000, chakula 520,000. Zilizobaki, 395,000, akaniwekea mkononi na daftari lenyewe. Mstari mmoja umeandikwa: "mchele kilo 5, hakutaka jina." Nawe nakushukuru, popote ulipo.

Kuna jambo limenikaa moyoni. Mimi, nikienda msibani, nilizoea kumwambia mfiwa, "Ukiwa na shida usisite kuniita." Nilikuwa nasema kweli, lakini sasa najua mfiwa hamwiti mtu. Hata shida yake haijui. Madaftari ya Hisabati ya darasa la sita yalikuwa kwenye kapu kando ya kabati, hayajasahihishwa, nami nilikuwa nimeyasahau kabisa. Mwalimu mmoja aliyaona alipokuja kunipa pole, akayafunika kwa khanga, akaondoka nayo. Wiki iliyofuata mwanafunzi wangu wa jirani alinionyesha lake: limesahihishwa lote, na pembeni ya hesabu aliyokosea ameelekezwa hatua kwa hatua, kama ninavyofanya mimi. Mwalimu yule hakuniuliza, "Nikusaidie nini?" Aliangalia pembe za chumba changu.

Vyombo vingi vimesharudi kwa wenyewe. Limebaki sufuria kubwa lenye uzi mwekundu kwenye mkono, na mwiko wake. Nimelisugua kwa majivu, liko barazani. Mwenyewe atume mtoto, au aje mwenyewe tukae kidogo; mchana huwa mrefu humu ndani.