Picha Irudiayo Mwendo

Faili ambayo jina lake huishia kwa `.gif` huweza kuwa mfululizo wa picha zisizo na sauti, ambazo zikifika mwisho huanza tena zenyewe. Namna hii ya faili ilitolewa Amerika mwaka wa 1987. Watu wengi hudhani kwamba kuigeuza video kuwa picha ya namna hii ndiko kuipunguza. Sivyo. Faili hii haina ustadi wa video wa kubana picha, na ukiigeuza video bila ya kuipunguza, mara nyingi utapata mzigo mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Nilitaka kuwapelekea wanafunzi wangu mwendo wa jiwe linalobembea kwenye uzi wa mita 1, nami nilijua kwamba wengi wao hununua data kwa shilingi chache. Niliiweka simu juu ya meza imara, kwa sababu mkono ukitetemeka hata ukuta huonekana kusogea, na kila kinachosogea huongeza uzito wa faili.

Jiwe la namna hiyo huenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi. Nilianza kukata pale lilipofika ukomo wa kushoto, maana hapo husimama kidogo kabla ya kurejea, na kiungo hakionekani. Video ilikuwa na picha 30 kwa sekunde, yaani picha 60. Nikabakiza 10 kwa sekunde, yaani 20. Picha ya 21 ingekuwa sawa na ya kwanza. Ikiachwa ndani, jiwe hukwama kidogo kila duru.

Kisha niliupunguza upana kutoka vitone 1280 hadi 320, na kimo kutoka 720 hadi 180. Kila picha ikawa na vitone pungufu mara 16. Nazo picha zilikuwa zimepungua mara 3. Kwa hiyo vitone vyote vilipungua mara 48.

Zilibaki rangi. Kila picha katika faili hii huwa na rangi zisizozidi 256. Zikichukuliwa rangi za jumla, ukuta wenye kivuli laini huonekana una mistari kama ngazi. Dawa yake ni kuzichagua rangi kutoka katika video yenyewe. Programu ya `ffmpeg` hufanya kazi hizi zote kwa amri moja:

```
ffmpeg -ss 4 -t 2 -i jiwe.mp4 -vf "fps=10,scale=320:-1,split[a][b];[a]palettegen[p];[b][p]paletteuse" -loop 0 jiwe.gif
```

Hapo 4 ni sekunde ya kuanzia, 2 ni muda wa kipande, na 0 ya mwisho maana yake ni kurudia bila kikomo.

Faili ikiwa bado nzito, punguza upana kwanza. Ukipunguza idadi ya picha mno, jiwe litaruka badala ya kubembea, na somo lenyewe litakuwa limepotea.